Bei ya Kununulia au Bei ya Kibandiko: Jinsi ya Kukadiria Stoki ya Duka kwa Bima Kabla Msimu Haujafika

Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu vya maduka katikati ya jiji la Nairobi, na sehemu ya kazi hiyo ambayo hakuna anayeitamani ni kuketi na mwenye duka baada ya moto, tukiwa na makaratasi yenye harufu ya moshi, tukimsubiri mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni ya bima. Katika vikao hivyo nimeona makosa mawili yakijirudia. La kwanza ni kudai fidia kwa bei iliyobandikwa kwenye bidhaa. La pili, ambalo ndilo linaloumiza zaidi, ni kukata bima kwa kipimo cha mwezi ambao duka lilikuwa tupu, kisha hasara ikatokea katika mwezi ambao duka limejaa hadi darini.

Nitatumia mfano wa duka la sare za shule, kwa sababu msimu wake hauna kificho: shule hufunguliwa Januari, na kuanzia Oktoba katoni huanza kupanda ngazi. Hesabu nitakazotoa ni za kielelezo, lakini zimepangwa kama zinavyokuja katika faili halisi.

Hatua ya kwanza: soma hati ya bima na utafute mambo matatu

Bima ya moto ya kawaida ni mkataba wa kufidia. Inakusudia kukurudisha mahali ulipokuwa dakika moja kabla ya moto, wala si mahali ambapo ungekuwa baada ya kuuza kila kitu. Kwa hiyo stoki ya muuzaji wa rejareja huhesabiwa kwa gharama ya kuipata tena bidhaa kama hiyo, siku ya hasara, hadi ifike kwenye rafu yako. Faida ambayo ungeipata ni hasara ya aina nyingine, na hulipwa na bima nyingine, ile ya kukatizwa kwa biashara. Mwenye duka ambaye hana bima hiyo ya pili hawezi kuipenyeza faida yake ndani ya dai la stoki, hata aeleze vipi.

Jambo la kwanza la kutafuta katika hati ni namna ya kuthamini stoki. Mara nyingi imeandikwa, na isipoandikwa, kanuni ya kufidia ndiyo inayotumika. Jambo la pili ni kifungu cha wastani. Kifungu hiki kinasema kwamba ikiwa siku ya hasara thamani ya mali yote iliyokatiwa bima ilikuwa kubwa kuliko kiasi cha bima, wewe mwenyewe unahesabiwa kuwa mshirika wa kampuni katika hatari hiyo, na utabeba sehemu yako ya kila hasara, iwe kubwa au ndogo. Baadhi ya hati zina unafuu: kifungu hakitumiki iwapo kiasi cha bima kilifika asilimia 85 ya thamani halisi. Tafuta kama unafuu huo umo katika hati yako, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa. Jambo la tatu ni anwani. Kiasi cha bima huwekwa kwa kila mahali, na duka linapofurika Novemba, watu hukodi chumba cha stoo mtaa wa pili bila kumwambia wakala wa bima neno lolote. Mali iliyo katika chumba hicho haina bima kabisa.

Hatua ya pili: tafuta gharama halisi ya bidhaa moja

Chukua sweta moja la shule kutoka rafuni, uliweke mezani pamoja na ankara yake. Tuseme kibandiko kinasema shilingi 1,380. Ankara ya kiwanda inasema shilingi 928. Bei yoyote kati ya hizi mbili ukiiandika kwenye dai, umekosea.

Ndani ya zile 928 mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, yaani shilingi 128. Ikiwa umesajiliwa kwa kodi hiyo, nawe unaidai katika marejesho yako ya kila mwezi kwa KRA, basi kodi hiyo si gharama yako, na mkadiriaji ataiondoa. Zinabaki 800. Ikiwa hujasajiliwa, kwa kuwa mauzo yako hayajafika shilingi milioni 5 kwa mwaka, kodi ni gharama yako na inabaki humo. Kisha ongeza yale ambayo wengi huyasahau: usafiri hadi dukani shilingi 15 kwa sweta, na mshonaji wa nembo ya shule shilingi 35. Gharama kamili ni shilingi 850.

Sasa tazama kibandiko kilitoka wapi. Mwenye duka huongeza asilimia 40 juu ya gharama, anapata 1,190, kisha anaongeza kodi, anafika 1,380. Anayedai kwa bei ya kibandiko anadai zaidi ya mara moja na nusu ya alichopoteza, na ndani ya dai hilo mna kodi ambayo ingekuwa ya serikali. Mkadiriaji hahitaji ujanja wowote kuliona hilo. Anaomba ankara tatu tu.

Bei ya sasa ndiyo inayohesabika. Kiwanda kikiwa kimepandisha bei tangu uliponunua, gharama ya kupata sweta jingine leo ndiyo kipimo, na ni haki yako kuitaja ukiwa na orodha mpya ya bei. Hali kadhalika kinyume chake: sweta za shule iliyobadilisha nembo miaka miwili iliyopita, ambazo hakuna mzazi atakayezinunua, hazina thamani ya shilingi 850 hata kama ulizinunua kwa hizo. Usizifiche ndani ya dai. Zipe bei yake ya kweli, hata ikiwa ya matambara, kwa sababu mkadiriaji akishaona kitu kimoja kilichopambwa ataanza kushuku na vilivyo vya kweli.

Kuna mahali pamoja ambapo bei ya kuuzia inaweza kukubaliwa. Ikiwa umeshaiuzia shule sare mia tatu kwa mkataba wa maandishi, hazijapelekwa, na mkataba unakufanya wewe ubebe hatari hadi zifike, baadhi ya hati zina kifungu cha bei ya mkataba kinachokuruhusu kudai bei hiyo. Kifungu hicho lazima kiwemo kabla ya hasara. Oda iliyopokewa kwa simu haitoshi, na arubuni ya mzazi aliyesema atarudi Jumamosi haitoshi pia.

Hatua ya tatu: chora mwaka wako kwa gharama, mwezi kwa mwezi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nami nitakaa hapa kidogo.

Wenye maduka wengi hukata bima kwa kunakili namba ya stoki kutoka hesabu za mwisho wa mwaka wa biashara. Duka letu la mfano hufunga mwaka Juni. Stoki ilihesabiwa ikawa shilingi milioni 3.8, wakala akaambiwa aandike milioni 4 ili kuwe na nafasi, na kila mtu akaridhika. Namba hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, lakini ilikuwa ya kweli mwezi wa Juni.

Fungua daftari, au eksel ikiwa unayo, uandike stoki ya kila mwisho wa mwezi kwa gharama. Huhitaji kuhesabu rafu kila mwezi. Anza na stoki iliyohesabiwa, jumlisha manunuzi ya mwezi, toa gharama ya vilivyouzwa. Duka la mfano linatoa picha hii: Septemba milioni 4.3, Oktoba 5.2, Novemba 6.4, katikati ya Desemba 7.8, na mwisho wa Januari 3.4. Kuna vilima vidogo kabla ya muhula wa pili na wa tatu, lakini havifiki hata milioni 5.

Picha ya mwaka uliopita hata hivyo inaweza kukudanganya, na sare za shule zimetuonyesha hilo waziwazi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na Kidato cha Kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Januari 2025 hapakuwa na Kidato cha Kwanza kabisa, kwa sababu wanafunzi wa mtaala mpya walikuwa wakiingia Gredi ya 9. Kisha Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia sekondari pevu. Muuzaji wa sare za sekondari aliyekadiria stoki ya msimu wa 2026 kwa kutazama msimu wa 2025 alikuwa anatazama mwaka wenye pengo. Kwa hiyo, ukishachora mwaka jana, jiulize ni nini kitakachokuwa tofauti mwaka huu, na uitazame orodha ya oda ulizokwisha kuweka viwandani, kwa kuwa oda hizo ndizo stoki ya miezi miwili ijayo.

Kwa wauzaji wa nguo wa Eastleigh kuna tatizo jingine la kalenda. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Aliyeongeza bima yake kwa tarehe zilezile za miaka mitatu iliyopita atakuta kwamba stoki ya Idi imeshaingia na kilele kimekaribia kwisha kabla bima haijapanda.

Halafu kuna mali kauli. Msimu ukikaribia, wauzaji wa jumla hukupa mzigo utakaoulipia baada ya kuuza. Mzigo huo haumo katika malipo yako ya benki, na mara nyingi haumo hata katika daftari, lakini umo dukani na utaungua pamoja na mwingine. Uandike katika picha yako ya mwezi, uulize kama hati yako inataja mali ya watu wengine uliyo na dhamana nayo, na kama haitaji, omba iongezwe. Nimeona mtu akibaki na deni la mali kauli kwa muuzaji wa jumla wakati bima haikuitambua mali hiyo hata kidogo.

Hatua ya nne: chagua namna ya kufunika kilele

Ziko njia tatu, na uchaguzi unategemea umbo la mwaka wako.

Njia ya kwanza ni kukata bima ya kilele kwa mwaka mzima. Ukichukua kiwango cha mfano cha asilimia 0.3, bima ya milioni 4 inagharimu shilingi 12,000, na ya milioni 8 inagharimu 24,000, kabla ya tozo ndogo za kisheria na shilingi 40 za stampu. Njia hii haina usumbufu wowote. Unalipia nafasi ambayo kwa miezi minane haina kitu, lakini kwa duka dogo tofauti hiyo ni bei ya sweta kumi.

Njia ya pili ni nyongeza ya muda. Unamwandikia wakala au dalali wa bima, ukiomba kiasi cha bima cha stoki kipandishwe kutoka milioni 4 hadi milioni 8 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 31 Januari. Siku ni 123. Nyongeza ya milioni 4 kwa asilimia 0.3 ni shilingi 12,000 kwa mwaka, na kwa siku 123 inakuwa karibu shilingi 4,044. Ombi liwe la maandishi, na ulipie papo hapo, kwa sababu hapa Kenya bima haihesabiwi kuwa imeanza kabla malipo hayajapokewa. Usilale kwa kuwa wakala amesema kwenye simu, “Usijali, mama, nitaliweka.” Subiri karatasi ya nyongeza yenye tarehe, uisome, uone kwamba imetaja duka na stoo.

Njia ya tatu ni bima ya kutangaza stoki. Kiasi cha juu kabisa huwekwa tangu mwanzo, unalipa sehemu ya ada kwanza, mara nyingi asilimia 75, kisha kila mwezi unatangaza thamani ya stoki, na mwisho wa mwaka ada inarekebishwa kwa wastani wa matangazo yako. Kwa duka lenye mawimbi makubwa ndiyo njia yenye haki zaidi, lakini nakuonya: si ya mtu asiyependa makaratasi. Ukichelewa kutangaza, hati nyingi huchukulia kwamba ulitangaza kiasi cha juu. Na ukitangaza pungufu ili kuokoa ada, fidia yako itapunguzwa kwa uwiano wa ulichotangaza na kilichokuwapo. Mtu aliyetangaza milioni 5 akiwa na milioni 7 amejikatia mwenyewe zaidi ya robo ya kila dai.

Kwa duka letu la mfano, lenye kilele kimoja kinachojulikana, ningechagua njia ya pili. Mwenye kilele kinachohama, au vilele vitatu kwa mwaka, afikirie ya tatu.

Hatua ya tano: weka ushahidi mahali ambapo moto haufiki

Daftari lililoungua pamoja na duka halimsaidii mtu. Ankara za eTIMS, za mauzo na za manunuzi, zinabaki katika mfumo wa KRA, na taarifa za malipo ya M-Pesa zinaweza kuombwa tena, kwa hiyo nusu ya ushahidi iko nje ya duka bila wewe kufanya lolote. Kinachokosekana karibu kila mara ni karatasi za kuhesabu stoki. Zipige picha siku ileile ya kuhesabu, ukazitume kwa mtu aliye nje ya duka. Msimu ukianza, piga pia picha za rafu na za stoo mara moja kwa wiki, ili zilingane na ankara za wiki hiyo.

Hatua ya sita: hasara ikitokea, jenga upya stoki ya siku hiyo

Tuseme duka letu linaungua sehemu usiku wa tarehe 28 Desemba. Hitilafu ya umeme imechoma chumba cha juu, maji ya zimamoto yamemwagikia chini, na rafu za mbele zimesalia. Hakuna nyongeza ya muda iliyoombwa. Kiasi cha bima ni kile kile cha Juni, milioni 4.

Toa taarifa siku hiyo hiyo, na usitupe kitu. Sweta iliyolowa moshi ni ushahidi, na pia ina bei kwa mnunuzi wa mitumba. Hesabu kwanza kilichosalia kizima, mbele ya mkadiriaji kama inawezekana, kisha jenga stoki iliyokuwapo kabla ya moto. Hesabu ya duka letu ni hii, yote bila kodi:

```
Stoki iliyohesabiwa 1 Julai            3,800,000
Jumlisha manunuzi hadi 28 Desemba      9,400,000
Toa gharama ya vilivyouzwa
  (mauzo 8,400,000 / 1.4)              6,000,000
Stoki kabla ya moto                    7,200,000
```

Mstari wa tatu ndio unaoharibu madai mengi. Mwenye duka anayeongeza asilimia 40 juu ya gharama hugawanya mauzo kwa 1.4. Wengi huondoa asilimia 40 kutoka kwenye mauzo, wanapata gharama ya 5,040,000, na stoki yao inakuwa 8,160,000, yaani wameumba bidhaa za shilingi 960,000 ambazo hazikuwahi kuwapo. Kosa la pili ni kuchukua mauzo kutoka taarifa ya M-Pesa bila kuondoa kodi. Mauzo yanaonekana kuwa 9,744,000, gharama inakuwa 6,960,000, na stoki inapungua kwa 960,000 zilezile. Yote mawili huonekana kwa macho ukilinganisha jibu na picha za rafu: chumba cha mita nne kwa tano hakibebi sweta ambazo hazikununuliwa.

Stoki iliyosalia bila kuharibika imehesabiwa ikawa shilingi 4,200,000. Iliyoungua na kuharibika ni 3,000,000, na mabaki yaliyolowa moshi yameuzwa kwa 300,000. Hasara ni shilingi 2,700,000.

Mwenye duka wetu hakufikia hapo kwa njia hiyo. Yeye alikuwa ameandika dai la shilingi 4,872,000, kwa kuwa alihesabu kila kilichoharibika kwa bei ya kibandiko. Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi kiasi cha kuyakariri.

“Mama, bima yako ni milioni nne,” mkadiriaji anasema.

“Najua. Basi nipeni hizo milioni nne, hiyo nyingine niachieni mimi.”

“Milioni nne ni kikomo, mama. Haimaanishi kwamba ukipoteza unalipwa hiyo.”

Kifungu cha wastani ndicho kinachoamua. Kiasi cha bima 4,000,000 kinagawanywa kwa thamani iliyokuwapo 7,200,000, kisha matokeo yanazidishwa kwa hasara ya 2,700,000. Jibu ni shilingi 1,500,000. Hati ina kipande cha hasara cha asilimia 5 anachojibebea mwenye duka, yaani 75,000, kwa hiyo malipo ni shilingi 1,425,000. Shilingi 1,200,000 zimeliwa na bima pungufu peke yake, kwa kukosa nyongeza ambayo ingegharimu takriban 4,044. Hata unafuu wa asilimia 85 usingemwokoa, kwa sababu milioni 4 ni chini ya asilimia 56 ya milioni 7.2.

Ona pia kwamba hasara ilikuwa ndogo kuliko kiasi cha bima. Hapa ndipo watu wanapodhani wameonewa: bima ya milioni 4, hasara ya milioni 2.7, mbona hailipwi yote? Kifungu hakilinganishi bima na kilichoungua. Kinalinganisha bima na vyote vilivyokuwamo, pamoja na vile vilivyosalia vizima rafuni.

Hatua ya saba: kagua hesabu ya mkadiriaji kwa kipimo kimoja

Wakadiriaji wengi wanaijua kazi yao, lakini nao ni watu, na faili zao za Januari ni nyingi. Kosa la kutafuta ni kuchanganya vipimo. Hasara na thamani iliyokuwapo lazima zihesabiwe kwa bei ya aina moja. Ikiwa mkadiriaji amechukua hasara yako kwa gharama, 2,700,000, lakini thamani ya stoki yote akaichukua kutoka orodha ya kompyuta ya duka iliyo kwa bei ya kuuzia, 10,080,000, wastani utakupa shilingi 1,071,429 tu. Umepoteza zaidi ya shilingi 428,000 bila kosa lako. Linatokea, hasa pale mwenye duka mwenyewe alipokabidhi orodha ya bei za kuuzia bila kuandika juu yake kwamba ni za kuuzia. Andika neno hilo kwa kalamu nyekundu katika kila ukurasa, au bora zaidi, toa orodha ya gharama peke yake.

Angalia pia kama ameingiza katika thamani mali isiyokuwa chini ya kifungu hicho, kama vile rafu, kaunta na cherehani ya nembo, ambazo kwa kawaida zina mstari wake tofauti katika hati. Angalia kama sweta za nembo ya zamani amezihesabu kwa 850 upande wa thamani, halafu kwa bei ya matambara upande wa hasara. Na angalia kama manunuzi yanajumuisha mzigo ulioandikiwa ankara tarehe 27 Desemba lakini ukawa bado uko kiwandani. Huo haukuwa dukani, na kuuingiza kunakuza thamani na kuzidisha adhabu.

Ukiona tofauti, usitie sahihi hati ya kukubali malipo yenye maneno kwamba umepokea fidia kamili na ya mwisho. Andika barua fupi kwa kampuni, utaje mstari unaobishaniwa, uambatanishe ankara, uombe hesabu irudiwe. Kampuni isipojibu, lalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, nayo itataka kuona barua hiyo.

Jambo la mwisho la faili hii hufanywa siku hiyo hiyo ya malipo, kabla ya katoni mpya kuingia. Katika hati nyingi, kiasi cha bima hupungua kwa kiasi kilicholipwa hadi kirudishwe kwa ada ya nyongeza. Duka letu lililokuwa na bima ya milioni 4 sasa linaweza kuwa limebaki na takriban milioni 2.6, katika wiki ya kwanza ya Januari, huku likipokea mzigo wa dharura wa kuokoa msimu. Mwandikie dalali aombe kiasi hicho kirudishwe, na katika barua ileile aombe kipandishwe hadi tarehe 31 Januari.